Dawa, Nguo na Dalili: Taarifa ya Kibarua Mmoja wa Nyanya

Mtu akidhurika na dawa ya kupulizia mimea, ushahidi huanza kupotea saa ileile. Chupa inatupwa, nguo zinafuliwa, jasho linakauka, na ikifika jioni kila mtu shambani ana maelezo yake: ni malaria, ni jua, alikunywa waragi jana usiku. Mimi ni mhudumu wa timu ya afya ya kijiji huku Kiryandongo, kwenye mashamba yaliyo nje ya mji wa Bweyale. Watu wa hapa wametoka kila upande, wengine kaskazini, wengine Kenya, Sudan Kusini na Kongo, na Kiswahili ndicho tunachosikilizana nacho shambani. Kazi ya kuandika taarifa za vibarua waliodhurika na dawa niliipata kwa sababu nilikuwa karibu, na nimeendelea nayo kwa sababu naona nini hutokea isipoandikwa: pampu ileile mbovu ya kupulizia inabebwa mgongoni na mtu mwingine wiki inayofuata.

Nitaeleza kisa kimoja. Kilikuwa na kila kitu ambacho huifanya taarifa iwe ngumu, na nilichojifunza hapo ndicho ninachokitumia hadi leo.

Alikuwa kijana wa miaka 19, kibarua wa leja-leja kwenye shamba la nyanya, anayelipwa kwa kila pampu anayopuliza. Niliitwa jua likielekea kuzama. Nilimkuta amelala barazani, ametapika, jasho linamtoka mpaka mapajani, na kando yake kuna pakiti ya dawa mseto ya malaria aliyouziwa dukani bila kupimwa. Kaka yake alikuwa amekwenda kuomba maziwa kwa jirani.

"Mama, ni malaria tu na kichwa," aliniambia. Alikuwa akimeza mate karibu kila neno.

Maziwa nilimwambia kaka yake ayaweke mbali. Huku kwetu maziwa ni tiba ya kila sumu, lakini sumu iliyopitia kwenye ngozi haikamatwi na maziwa tumboni, na mtu anayetapika anaweza kuyavuta yakaingia mapafuni. Nikamwuliza kama amebadilisha nguo tangu atoke shambani. Hakuwa amebadilisha. Sweta na suruali aliyopulizia navyo tangu asubuhi vilikuwa bado mwilini, na kuanzia kiunoni kushuka makalioni kulikuwa na alama pana, yenye unyevu bado na harufu kali kama ya vitunguu vilivyooza iliyochanganyika na mafuta ya taa. Ina maana sumu ilikuwa bado inaingia wakati yeye amelala akisubiri dawa ya malaria ifanye kazi.

Nilivaa glavu, kaka yake naye nikampa, tukamvua kila kitu na kumwosha kwa sabuni na maji mengi: nywele, nyuma ya masikio, chini ya kucha, na zaidi ya yote kinenani. Ngozi ya sehemu za siri hupitisha dawa za namna hii mara nyingi zaidi kuliko ngozi ya mkono, kwa hiyo suruali iliyolowa ni hatari kuliko mikono iliyolowa, ingawa watu hukumbuka kuosha mikono tu. Nguo tulizitia kwenye kavera la plastiki, tukalifunga, tukaliweka mbali na watoto. Hazikufuliwa usiku ule. Nilizihitaji.

Kabla bodaboda haijafika niliangalia mambo machache na kuyaandika palepale pamoja na saa. Nilimweka kivulini, kwa sababu juani mboni ya kila mtu hupungua, nikamtazama macho, kisha nikamtazama kaka yake aliyekaa pembeni yake katika mwanga uleule. Mboni za kaka zilikuwa za kawaida. Za mgonjwa zilikuwa nukta tu, kama ncha ya kalamu. Chini ya kope ya kushoto nyama ilikuwa ikichezacheza yenyewe. Mdomo ulijaa mate. Joto la mwili lilikuwa 36.7.

Hayo manne yana uzito kuliko "kichwa, kutapika, udhaifu", maneno ambayo mtu yeyote mgonjwa Uganda atayasema. Dawa aliyopulizia, kama nilivyokuja kuthibitisha baadaye, ina profenofosi, ya jamii ya ogano-fosfati. Jamii hiyo hukizuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mishipa ya fahamu. Kisipofanya kazi, ujumbe hauzimiki: tezi za mate, machozi na jasho zinaendelea kumwaga, mboni inajikaza, misuli inatetemeka, matumbo yanasokota, na kifua kinajaa majimaji. Hicho cha mwisho ndicho kinachoua. Aliyezidiwa na jua naye hutoka jasho na kuumwa kichwa, lakini mdomo wake huwa mkavu, moyo unakwenda mbio na mboni hazifungi. Mwenye malaria kali kwa kawaida huwa na homa. Mhudumu asiye na maabara anaweza kutofautisha kwa kutazama macho na mdomo, mradi ajue kwamba mboni pana hazimaanishi mtu yuko salama. Wengine hudhurika bila mboni kufunga.

Kwenye kituo cha afya kipimo cha malaria kilionyesha kuwa anayo. Hapa ndipo visa vingi vinapozikwa. Kijana alikuwa ametibiwa malaria wiki tatu nyuma, na kipimo hiki cha haraka huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Tena katika eneo kama letu mtu mzima anaweza kuwa na vimelea bila kuumwa. Kwa hiyo kipimo cha malaria hakifuti sumu, na kwenye taarifa yangu huwa naandika vyote viwili: matokeo ya kipimo, na joto la mwili wakati huohuo. Afisa kliniki aliyasoma niliyoandika, akamtazama macho yeye mwenyewe, akasikiliza kifua, akaanza kumpa atropini kwenye mshipa, akiirudia kila baada ya dakika chache mpaka kifua kikawa kikavu na mate yakapungua. Usiku alihamishiwa hospitali.

Asubuhi nilikwenda shambani kutafuta jina la dawa.

Msimamizi aliniambia ni "dawa ya viwavi". Vibarua walisema ni "ile ya njano". Chombo chenyewe kilikuwa chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, isiyo na karatasi yoyote, kwa sababu huku wauzaji hupima dawa kutoka chupa kubwa na kumwuzia mkulima kiasi anachoweza kulipia. Taarifa inayosema "dawa ya viwavi" haina faida kwa daktari wala kwa ofisi ya kilimo, maana kwa viwavi pekee dukani kuna dawa za jamii tatu au nne na tiba zake hazifanani. Ilibidi nifuate chupa ilikotoka. Mama mwenye duka alikuwa na wasiwasi kwamba nimekuja kumshtaki. Nilimwambia, "Mama, kuna kijana hospitalini, daktari anataka kujua ngozi yake imekunywa nini," naye akaitoa chupa yenyewe chini ya meza bila ubishi.

Niliipiga picha pande zote. Ninachohitaji kwenye lebo ni viungo vyenyewe na kiasi chake, siyo jina kubwa la biashara: gramu 400 za profenofosi na gramu 40 za saipamethrini kwa kila lita, na herufi EC, maana yake ni mafuta yanayochanganyika na maji na kuwa meupe kama maziwa. Halafu namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda, na rangi ya ukanda wa chini. Ulikuwa wa njano, daraja la pili la hatari katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Vibarua walikuwa sahihi kuhusu rangi. Hakuna aliyekuwa amewaambia maana yake. Kwenye pampu walikuwa wameongeza pia mankozebu ya unga kwa ajili ya ukungu, na hiyo nayo niliiandika. Mchanganyiko ukiachwa nje ya taarifa, dalili zote zitabebeshwa dawa moja.

Kiasi kilikuwa kazi nyingine. Lebo ilisema mililita 30 kwa pampu ya lita 20. Kijana alipima kwa kifuniko cha chupa ya dawa nyingine, vifuniko viwili kila pampu. Nilivaa glavu, nikakisuuza kile kifuniko, nikakijaza maji na kuyavuta kwa sindano isiyokuwa na ncha, ambayo sikuitumia tena kwa kitu kingine. Kifuniko kimoja kilibeba mililita 25. Basi alikuwa akitia mililita 50 badala ya 30, na katika lita 20 za maji hiyo ni sehemu moja kwa 400.

Hesabu hiyo ilinifundisha kuuliza swali ambalo watu hulipita: nani alichanganya, na kwa mikono gani? Mililita moja ya dawa ghafi ikimwagikia kidoleni ina sumu sawa na mililita 400 za maji ya pampu. Kila unapopima kwa kifuniko kidogo, kinajaa hadi ukingo na dawa inateremka kwenye vidole. Kijana alichanganya pampu 11 asubuhi ile, mikono mitupu.

Sasa nguo. Ukimwuliza kibarua mbele ya msimamizi, "Ulivaa vifaa vya kujikinga?" jibu ni ndiyo. Ukimwuliza msimamizi, atakuonyesha overoli iliyotundikwa stoo. Mimi siulizi hivyo tena. Nasema, "Nionyeshe ulivyokuwa," na mtu anakuletea nguo zenyewe, au anasimama na kujishika sehemu moja moja: kichwani kofia ya kitambaa, usoni leso, sweta la mikono mirefu, suruali ya jinzi, gambuti. Nikiwa na kavera la zile nguo tulizomvua, niliandika nilichokiona kwa macho yangu. Glavu hakuna. Miwani hakuna. Leso mdomoni, imelowa. Leso ya kitambaa haizuii mvuke, inaushika unyevu na kuuweka puani kutwa. Gambuti nzima, lakini suruali imechomekwa ndani yake, kwa hiyo kila kilichoteremka mguuni kiliingia kwenye kiatu. Overoli ile ya stoo ilikuwa moja kwa watu wanne, haijafuliwa, na nyuma imekakamaa kwa dawa ya zamani. Nayo niliiandika hivyohivyo, maana "overoli ilikuwepo" bila hali yake ingeleta picha ya uongo.

Fomu ninayofuata imetokana na ile ya Mkataba wa Rotterdam, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya kemikali hatari, ambao Uganda ni mwanachama. Ibara ya 6 ya mkataba huo inaruhusu nchi inayoendelea kupeleka pendekezo kuhusu mchanganyiko wa dawa unaowadhuru watu katika mazingira halisi ya matumizi, na Burkina Faso iliwahi kufanya hivyo kuhusu parakwati, dawa ya kuua magugu. Katika fomu kuna nafasi inayouliza: kama hakuvaa kinga, kwa nini? Wengi huiacha wazi au kuandika "uzembe". Nilikwenda kumwuliza kijana hospitalini alipopata nguvu. Alisema, "Mama, ukivaa ile overoli jua likiwaka unapuliza pampu sita tu. Mimi ninalipwa pampu." Niliandika maneno hayo yalivyo. Yanamweleza anayesoma kwamba kugawa overoli nyingine nne hakutabadilisha kitu ikiwa malipo ni kwa pampu na kazi inaanza jua likiwa limeshapanda.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Kijana alisema kichwa kilianza saa saba, kaka yake akasema saa kumi, na karani wa kituo aliandika 7:00, ambayo kwa msomaji wa ofisini ni asubuhi, kabla hata hajaenda shambani. Mimi naandika saa ishirini na nne: alianza kupuliza 08:00, akamaliza 12:30, kichwa kikaanza 13:00, jasho na kuona ukungu 14:30, kutapika 15:30, mboni zilizofunga nikaziona 18:15. Kwa nyingi za dawa hizi dalili hujitokeza ndani ya saa 12 baada ya kuguswa. Mtiririko huu unaingia humo vizuri. Kama kichwa kingekuwa kimeanza saa moja asubuhi, kisa chote kingeonekana ni cha ugonjwa mwingine.

Lakini kilichoifanya taarifa ile isimame ni wale wengine watatu. Walifanya kazi shamba lilelile, na dawa ileile, jua lilelile, na mchana walikula posho na maharage ya sufuria moja. Niliwaandika wote, hata asiyeumwa, kwa namba badala ya majina, kwa sababu kibarua akijua jina lake linakwenda wilayani hatakwambia lolote. Wawili walikuwa na uso unaochomachoma na kufa ganzi kuzunguka mdomo, ukizidi walipotoka jasho au kunawa, na kesho yake umepoa. Hiyo ni kawaida ya saipamethrini ikigusa ngozi. Mboni zao zilikuwa sawa. Wa tatu alikuwa mchota maji na hakuwa na kitu.

Kwa nini mmoja tu ndiye aliyezidiwa? Wale wawili nao hawakuwa na glavu. Nilimwomba msimamizi tuzipange pampu tatu chini, tuzijaze maji safi, na kila mmoja wa wale watatu avae moja ainame kama anayepuliza mashina. Pampu mbili zilikaa kavu. Ya kijana ilimwaga kwenye kifuniko kila alipoinama yule aliyeibeba, maji yakateremka moja kwa moja kiunoni, mahali palepale penye alama kwenye suruali. Tukafungua kifuniko: raba ya duara haikuwemo, na mahali pake mtu alikuwa amezungusha kipande cha kavera. Tena pampu ilikuwa ikijazwa mpaka juu ili kupunguza safari za kwenda kwenye pipa. Niliipiga picha ile nafasi tupu ya raba, nikaweka pembeni picha ya suruali. Msimamizi, ambaye mpaka hapo alikuwa akisema kijana ni mdhaifu wa mwili, alinyamaza, kisha akaiondoa pampu ile kazini mwenyewe.

Taarifa ilikwenda kwa afisa kilimo wa wilaya, na nakala kwa afisa kazi, kwa kuwa jambo hili lina pande mbili. Dawa na uuzaji wake viko chini ya sheria ya kudhibiti kemikali za kilimo, na wizara ya kilimo ndiyo yenye kauli. Mtu aliyeumia akiwa kazini ni suala la usalama na afya kazini, ambalo nalo lina sheria yake ya mwaka 2006. Ukipeleka upande mmoja tu, watashughulikia chupa na kumsahau mtu, au watamlipa mtu na chupa ziendelee kupimwa chini ya meza. Afisa kilimo aliuliza kitu kimoja tu: namba ya toleo. Ilikuwa kwenye picha.

Mgonjwa aliporuhusiwa, taarifa ilikuwa haijafungwa. Kwa sumu ya jamii hii, kati ya siku ya kwanza na ya nne baada ya kudhurika, dalili kali zikishapoa, shingo, mabega na misuli ya kupumulia vinaweza kulegea ghafla, hata kwa mtu aliyeonekana amepona. Kwa hiyo kila jioni nilipita kwake, nikamlaza chali na kumwambia ainue kichwa kutoka kwenye mto na kukishikilia. Kaka yake alifundishwa kufanya hivyohivyo asubuhi, na kwamba kichwa kikishindwa kunyanyuka hasubiri mtu, anaita bodaboda. Kiliinuka kila mara. Wiki ya tatu nilimpima miguu, kwa sababu ganzi na udhaifu wa nyayo huweza kuchelewa kiasi hicho. Alitembea kwa visigino, kisha kwa vidole, bila kuyumba. Kimeng'enya kilichozuiwa kwenye damu hurudi polepole, kwa wiki nyingi, na mtu akishika pampu kabla hakijarudi huzidiwa na kiasi kidogo kuliko cha kwanza. Nilimwomba msimamizi amweke kwenye palizi na uvunaji kwa malipo ya siku, na akakubali mpaka mwisho wa msimu. Niliyaandika hayo kwenye ukurasa wa nyongeza, nikaweka namba ileile ya mgonjwa juu yake, nikaupeleka wilayani uunganishwe na fomu ya kwanza.